Uzoefu wangu na kindege: kwa nini muda wa kubonyeza CASH OUT haubadilishi hesabu

Mchezo ninaoutolea maoni ni Aviator, ambao huku Dar es Salaam wengi wanauita kindege, na ambao nimeucheza kwa simu kupitia kampuni moja ya kubashiri. Ulitengenezwa na Spribe na kutoka mwaka 2019, ingawa michezo ya aina hii ilikuwapo kabla yake; Bustabit, iliyochezwa kwa bitkoini, ina mizizi ya mwaka 2014. Kama programu ya simu, sina la kulalamikia: ni nyepesi, haili bando, na inaeleweka ndani ya dakika moja. Nitakachokijadili zaidi ni lile swali ambalo wachezaji hubishana kila siku, yaani ni wakati gani mzuri wa kutoa.

Kila raundi huanza kwa sekunde chache za kuweka dau, na unaruhusiwa kuweka moja au mawili kwa pamoja. Kisha ndege inapaa, na kizidishi kinapanda kuanzia 1.00x, mwanzoni taratibu, halafu kwa kasi inayoongezeka. Ukibonyeza CASH OUT kizidishi kikiwa 2.50x, dau la shilingi 1,000 linakurudia likiwa 2,500. Ndege ikitokomea kabla hujabonyeza, skrini huandika FLEW AWAY! na dau lote limekwenda. Juu ya skrini kuna mstari wa matokeo yaliyopita, bluu kwa vizidishi vidogo, zambarau kwa vya kati na waridi kwa vile vya kuanzia 10x, na nadhani hakuna sehemu ya mchezo huu inayowapoteza watu kuliko mstari huo. Ikifuatana bluu nyingi, utawasikia wakisema kwamba waridi iko njiani.

Haiko njiani, wala haijacheleweshwa. Mahali ndege itakapokatikia hupatikana kwa kuunganisha mbegu ya seva, yaani msururu wa herufi na namba unaotungwa na kompyuta ya mchezo, ambayo alama yake iliyofumbwa hutangazwa kabla ya raundi, na mbegu za wachezaji watatu wa kwanza kuweka dau katika raundi hiyo. Mchanganyiko huo hupitishwa kwenye kanuni ya hesabu iitwayo SHA-512, na kizidishi kinatokana na namba inayotoka. Raundi ikiisha unaweza kufungua matokeo yake, ukaziona mbegu zote na kuhakiki hesabu mwenyewe. Nimefanya hivyo na namba zikaoana. Lakini uhakiki huo unathibitisha jambo moja tu, kwamba matokeo hayakubadilishwa baada ya madau kuwekwa. Hauonyeshi kwamba mchezo unakulipa sawa na hatari unayoibeba. Papo hapo unajibu pia wale wanaouza programu za kutabiri kwenye magrupu ya Telegramu: hakuna wa kuitabiri namba ambayo sehemu ya viungo vyake bado haijaingia.

Tuingie sasa kwenye hesabu yenyewe. Kwenye kanuni za mchezo imeandikwa kwamba RTP, yaani sehemu ya madau inayorudi kwa wachezaji kwa wastani, ni 97%. Ili mchezo wa namna hii urudishe kiwango hicho popote unapotolea, uwezekano wa ndege kukifikia kizidishi m unapaswa kuwa 0.97 ÷ m. Chukua raundi 1,000 za dau la shilingi 1,000 kila moja, na mtu anayetoa kila mara kwenye 2.00x. Kwa wastani ndege itafika hapo mara 485, naye atapata faida ya shilingi 485,000. Mara 515 zilizobaki atapoteza 515,000. Amebaki na hasara ya 30,000. Mwenzake mwoga anatoa kwenye 1.25x: anashinda mara 776, kila mara shilingi 250, jumla 194,000, na mara 224 anapoteza 224,000. Hasara ni 30,000 ileile. Wa tatu anasubiri 10.00x: anashinda mara 97 tu, lakini kila mara anavuna 9,000, jumla 873,000, huku mara 903 zikimtoa 903,000. Bado ni 30,000.

Hii si bahati mbaya ya namba nilizochagua. Unapozidisha uwezekano 0.97 ÷ m kwa malipo m, m inajifuta na inabaki 0.97 peke yake. Anayetoa mapema hupata ushindi mdogo wa mara kwa mara unaofutwa na hasara chache nzito. Anayesubiri hupitia ukame mrefu na ushindi mkubwa wa nadra. Hali ya salio njiani inatofautiana sana, wastani hautofautiani. Ndiyo maana raundi chache haziwezi kumwonyesha mtu ukweli huu: anayetoa kwenye 1.25x anaweza kumaliza jioni nzima akiwa juu na kuamini amepata mbinu.

Kuna anayesema kwamba yeye hapangi kizidishi kabla, bali huisoma ndege ikiwa hewani. Hoja hiyo inastahili kupimwa. Tuseme umeshafika 2.00x na dau lako sasa ni 2,000. Unajiuliza kama uende hadi 3.00x. Kwa kuwa ndege imeshafika 2.00x, uwezekano wa kufika 3.00x ni theluthi mbili. Theluthi mbili ya 3,000 ni 2,000, sawasawa na kiasi unachoweza kukitoa sasa hivi. Kwa hiyo kusubiri hakukupunguzii wala hakukuongezei kitu kwa wastani. Ile 3% ilishakatwa ulipoweka dau, kama kiingilio kinacholipwa getini kabla mechi haijaanza. Inajitokeza katika zile raundi zinazokatika palepale 1.00x, kabla yeyote hajawahi kutoa. Jicho zuri na kidole chepesi huja baada ya malipo hayo kufanyika.

Mbinu ya kuongeza dau maradufu baada ya kila hasara haiponyi jambo hili. Ukianza na 1,000 na kulenga 2.00x, kupoteza mara saba mfululizo kunahitaji jumla ya shilingi 127,000, na uwezekano wake ni karibu 1% kwa kila mfululizo unaouanza. Kati ya kila mifululizo 100, ile mingine 99 inakuletea 1,000 kila mmoja, jumla 99,000. Tena makato ni ya kila shilingi inayozungushwa, kwa hiyo kuongeza dau ni kuongeza makato.

Kwa upande wa matumizi, ninachokipendekeza kwa yeyote anayecheza ni AUTO CASH OUT, inayotoa yenyewe kwenye kizidishi ulichopanga kabla. Agizo lake hutekelezwa kwenye seva, wakati bonyezo la mkono husafiri kwanza kutoka kwenye simu yako, na mtandao ukisita, ndege inaweza kukatika kabla agizo halijafika. Hiyo inazuia hasara ya ziada. Haigusi ile 3%.

Vitu viwili tu ndivyo nilivyoviona vinabadilisha gharama. Kimoja ni dau la bure, ambalo wakati mwingine hugawiwa, kwa kuwa hapo si fedha zako zinazokatwa, mradi masharti yake hayakulazimishi kuzungusha kiasi kikubwa kabla ya kutoa. Kingine ni kasi. Raundi ni fupi mno. Mtu akicheza 120 kwa saa kwa dau la shilingi 500, atakuwa amezungusha 60,000, na gharama ya saa hiyo kwa wastani ni 1,800. Akiweka madau mawili kila raundi, kama mchezo unavyomruhusu, gharama hiyo inakuwa 3,600, hata kama moja analitoa kwenye 1.25x na jingine kwenye 10.00x.