Picha ya babu gazetini: kutia ukungu au Fourier?
Kipande cha gazeti chenye sura ya babu nilikiskani kwenye steshenari ya Kariakoo kwa dpi 600. Nilitaka kuondoa vitone vya wino vinavyounda picha ya gazeti; viliachana kwa kama pikseli 7. Kutia ukungu kwa Gaussian Blur ya GIMP, programu ya kuhariri picha, ni kazi ya dakika moja, lakini ukiiongeza mpaka vitone viyeyuke, kope na mikunjo ya paji la uso huyeyuka pia. Njia ya Fourier huigeuza picha kuwa ramani ya michoro inayojirudia, na humo vitone huonekana kama nyota zilizopangika kuzunguka kitovu. Unazipaka nyeusi, kitovu hukigusi, kisha unairudisha picha. Macho ya babu yalibaki makali. Ukifuta karibu mno na kitovu, mawimbi hujitokeza pembeni mwa kofia. Kwa sura ya mtu, nachagua Fourier. Skani ya dpi 150 haifai kwa njia yoyote kati ya hizi mbili: vitone vimeshachanganyikana.