Kadi ya SNMP kwa UPS ya ofisi: uzoefu wangu, nzuri lakini usiitegemee kwa trapu pekee

Mie nashughulikia neti ya ofisi moja ya klia wa mizigo hapa mjini Mombasa, na kwa vile stima huku hupotea na kurudi bila kuaga nikaona UPS ya chumba cha seva niitilie kadi ya mtandao inayoongea SNMP, lugha ya kuulizia vifaa vya neti hali yao. Jina la kampuni nalihifadhi, kuna sifa na kuna lawama.

Kuifunga ni rahisi, unaichomeka nyuma ya UPS, unaipa IP, basi. Humo ndani ya kadi ndimo anamokaa ejenti, programu ndogo inayoijua hali ya UPS na kumjibu yeyote anayeuliza kwa poti ya UDP 161. Meneja wangu ni kompyuta kuukuu ya Linux yenye Net-SNMP, kazi yake ni kuuliza kila dakika moja, na pia kusikiliza poti 162 ambako ejenti hutuma trapu, yaani taarifa ya tukio, mwenyewe bila kuulizwa likitokea jambo. Kila kinachoulizika kina namba yake ndefu ndani ya MIB, yaani orodha ya vitu vya kuulizwa, na kwa UPS kuna MIB ya pamoja ya tangu 1994, iliyo kwenye waraka wa RFC 1628. Mie hutumia vitu viwili tu humo, upsOutputSource kinachosema umeme unatoka wapi, na upsEstimatedMinutesRemaining, dakika zilizobaki kwa betri.

```
snmpget -v2c -c siri -On 192.168.10.20 .1.3.6.1.2.1.33.1.4.1.0
.1.3.6.1.2.1.33.1.4.1.0 = INTEGER: 5
```

Ukiona 3 mambo shwari, 5 ni betri. Na ile sufuri ya mwisho usiiache, ukiiacha utajibiwa No Such na utaanza kuilaumu kadi bure.

Sasa kisa chenyewe. Jioni moja stima zikakatika, jenereta ya jengo ikawaka baada ya sekunde kadhaa, taa zikarudi, watu wakaendelea na kazi zao na mie sikupata trapu yoyote, kwa hivo ungedhani hakuna lililotokea. Lakini ile skripti ya kuuliza ikaanza kulalamika, kwanza haijibiwi kabisa kwa muda kama dakika mbili hivi, halafu jibu likaja, 5. Yaani taa zinawaka lakini UPS bado iko kwa betri! Nikauliza dakika zilizobaki nikaambiwa 31, baadaye kidogo 27, zinashuka tu.

Kumbe UPS imeukataa umeme wa jenereta, masafa yake yalikuwa yanapanda na kushuka nayo haipokei umeme wa namna hiyo. Na trapu je? Swichi iliyo kati ya kadi na meneja ilikuwa imechomekwa kwa soketi ya ukutani na waliofunga kabla yangu, stima zilipokatika nayo ikazima, ikawa inaanza upya wakati kadi inatuma trapu. UDP haina cha kumuuliza mwenzake umepata au hukupata, kadi imetuma imemaliza, ni kama mtu aliyebisha hodi mara moja akaenda zake na wewe uko kisimani. Na hapa ndo lawama yangu kwa kadi hii, maana ile RFC inasema trapu ya upsTrapOnBattery irudiwe kila dakika moja mpaka UPS itoke kwa betri au izime, hii yangu hutuma mara moja tu. Inform pia haina, ambayo meneja huitikia na asipoitikia ejenti hurudia.

Nikapanda juu, fundi wa jenereta akarekebisha gavana, kile kidhibiti cha kasi ya injini, UPS ikarudi kwa 3. Swichi nikaihamishia kwa UPS siku hiyohiyo. Nikajaribu kwa kuchomoa plagi ya UPS ukutani, trapu ikafika papo hapo, wakati kuuliza kunaweza kuchelewa mpaka dakika nzima, kwa hivo naendelea na zote mbili. Ila kama ungenilazimisha niondoe moja ningeondoa trapu wallahi, maana anayeuliza asipojibiwa anajua kuna tatizo, anayengojea kuambiwa kimya kwake ni sawa na salama.

Kingine, kadi ilikuja na neno la siri public, libadilishe, na hata ukibadilisha, toleo la SNMP ninalotumia, v2c, hulipitisha wazi kwa waya, kwa hivo yangu iko kwa VLAN ya peke yake, sehemu ya neti iliyotengwa.

Ukienda kununua, beba laptopu na umwambie muuzaji aiwashe kadi, halafu piga snmpwalk, amri ya kuuliza kila kitu chini ya namba fulani, kwa .1.3.6.1.2.1.33. Zipo kadi zinazojibu kwa namba za kampuni yake tu na hapo hazitoi kitu, utabaki kusaka faili la MIB lao. Yangu ilijibu. Naipa nyota tatu na nusu.