Kusimamisha kwa kidole au kutoa fremu zote?

Klipu ya "mheshimiwa" akigawa mikopo ilifika kwenye grupu letu la chama, Umoja. Nilishuku uso umeghushiwa kwa AI. Kwenye simu niliisimamisha mara kumi, sikuona dalili. Kidole huruka fremu, yaani picha moja moja zinazounda video. Basi kwenye kompyuta nilitoa fremu zote za sekunde 2 alipogeuza kichwa, kwa programu ya ffmpeg:

```
ffmpeg -ss 12 -t 2 -i klipu.mp4 f_%03d.png
```

Kwa fremu 25 kwa sekunde, ni picha 50 hivi. Katika moja meno yalikuwa utepe mmoja mweupe. Iliyofuata, yametengana, na ukingo wa taya umehama huku kola imetulia. Hiyo kola ndiyo kipimo changu: ikivurugika pamoja na meno, huenda ni mbano wa WhatsApp tu. Simu inafaa kwa dalili kubwa tu, kama nywele za paji zikimetameta waziwazi.