WebODM kwenye kijiji cha minazi: uzoefu wangu wa kutengeneza othomozaiki

Mimi ni mpima ardhi, nafanya kazi Unguja, na WebODM ndiyo programu ninayoitumia kuunganisha picha za droni ziwe ramani moja. Ni ya bure, inaendeshwa kwenye kompyuta yako mwenyewe kupitia Docker, programu ya kuendeshea programu nyingine, na ndani ya WebODM kuna injini ya OpenDroneMap inayofanya hesabu. Ukishaisakinisha unaandika mstari mmoja, kisha unafungua `localhost:8000` kwenye kivinjari:

```
./webodm.sh start
```

Nitaieleza kwa kazi moja tu, kwa sababu ndani ya kazi hiyo nilikosea karibu kila kitu kinachoweza kukosewa, na programu ndiyo iliyonionyesha makosa yako wapi.

Kazi yenyewe ilikuwa kijiji chenye eneo la mita 400 kwa 300, yaani hekta 12. Nusu yake ni nyumba na viwanja, nusu ni shamba la minazi mirefu ya kama mita 20. Kilichotakiwa ni ramani ya kuonyesha kuta za mawe, njia, visima na mipaka ya mashamba. Droni ilikuwa Phantom 4 Pro. Kamera yake ina hesabu rahisi kukumbuka: picha moja inafunika upana wa mara moja na nusu ya kimo cha kuruka, na urefu ulio sawa na kimo chenyewe. Ukiwa mita 100 juu, picha inafunika mita 150 kwa 100, na pikseli moja ni sentimita 2.7 ardhini. Ukishuka mita 50, vyote hivyo vinakuwa nusu.

Nilitaka picha kali, nikaruka mita 50. Nikaweka picha zipandane asilimia 75 mbele na asilimia 60 ubavuni. Zikatoka picha 363, kila moja safi kabisa ukiitazama peke yake. Nikazipakia jioni, nikalala nikiwa na matumaini.

Asubuhi ramani ilikuwa tayari. Upande wa nyumba ulikuwa mzuri. Upande wa minazi ulikuwa na mashimo, na pasipo na shimo miti ilikuwa imekatika au imejirudia. Nilimwonyesha sheha kwenye kompyuta kabla sijaifanyia chochote. Akainama, akaweka kidole kwenye kioo.

“Mwanangu, mnazi huu nimeupanda mimi. Una kichwa kimoja. Hapa naona viwili.”

“Ndiyo, Sheha. Na njia ya kisimani imekatika pale pale.”

“Basi hii si ramani ya huku kwetu.”

Sikuwa na la kujibu. Nikarudi nyumbani, nikafanya kosa la pili: nikadhani ni suala la mipangilio ya programu. Nikapandisha `pc-quality`, yaani ubora wa wingu la nukta ambazo programu hulijengea umbo la eneo, hadi `ultra`, nikaanzisha upya. Baada ya saa kadhaa kazi ikakatika kwa kuishiwa memori. Mwongozo wa OpenDroneMap unataja gigabaiti 16 kwa picha 250 na gigabaiti 32 kwa picha 500. Mashine yangu ina 32, kwa hiyo kwa picha 363 kiwango cha kawaida kingetosha, lakini si `ultra`.

Hapo ndipo nilipofungua ile ripoti ya PDF ambayo programu huitengeneza mwisho wa kila kazi, na ambayo nilikuwa naipita tu. Kama unaanza na WebODM, ifungue ripoti hiyo kabla ya kuitazama ramani. Ina mambo mawili makubwa. La kwanza ni idadi ya picha zilizopata nafasi: kwangu ilikuwa 318 kati ya 363, na 45 zilizotupwa zote zilipigwa juu ya shamba. La pili ni kielelezo cha rangi kinachoonyesha kila sehemu imeonekana kwenye picha ngapi. Juu ya nyumba kulikuwa na kijani, maana yake picha tano au zaidi. Juu ya minazi kulikuwa na wekundu, picha mbili. Programu haiwezi kuunda umbo la kitu kilichoonekana mara mbili tu kwa pembe zinazopishana sana. Hakuna mpangilio utakaoongeza picha ambazo hukupiga.

Lakini niliomba asilimia 75! Nikachukua karatasi nikapiga hesabu. Ile asilimia unayoiweka kwenye programu ya kurushia inahesabiwa kwa usawa wa ardhi. Kwa kimo cha mita 50, picha zangu zilikuwa zinaachana mita 12.5 mbele, na mistari ya kuruka ilikuwa inaachana mita 30. Sasa panda juu ya mnazi wa mita 20. Kutoka hapo hadi kwenye kamera si mita 50 tena, ni 30. Kwa umbali huo picha inafunika mita 45 kwa 30 tu. Mistari inayoachana mita 30 kwenye picha zenye upana wa mita 45 inapandana asilimia 33. Mbele, ile 75 inabaki 58. Kwa hiyo kule juu ya makuti nilikuwa nimeruka kwa asilimia 58 na 33 bila kujua, na juu ya hapo upepo wa bahari unayatikisa makuti yasifanane kati ya picha na picha.

Dawa ilikuwa kupanda juu, si kushuka. Nikapanga kimo cha mita 100, asilimia 85 mbele na 75 ubavuni. Picha zinaachana mita 15, mistari mita 37.5. Kwenye kilele cha mnazi umbali ni mita 80, picha inafunika mita 120 kwa 80, na kupandana kunabaki asilimia 81 mbele na 69 ubavuni. Mti uleule wa mita 20 unaokula sehemu kubwa ya kimo cha mita 50 unakula kidogo tu ya kimo cha mita 100. Na idadi ya picha ikashuka hadi 252 kwa eneo lilelile. Nikaongeza mstari mmoja nje ya mpaka kila upande, na picha mbili kila mwisho wa mstari, kwa sababu kona za eneo ndizo zinazoonekana mara chache kuliko kote. Jumla ikawa 352, bado pungufu ya zile za kwanza. Nilichopoteza ni pikseli kutoka sentimita 1.4 hadi 2.7, na ukuta wa mawe wenye upana wa nusu mita unaonekana bila shida kwa pikseli hiyo. Nilirudi kuruka saa moja na nusu asubuhi, kabla upepo haujaamka.

Palepale kijijini nikawasha `fast-orthophoto` kwenye laptopu. Inaruka hatua ya wingu zito la nukta, kwa hiyo hutoa ramani ya haraka, isiyofaa kukabidhi mtu lakini inayotosha kukuambia kama kuna shimo kabla hujaondoka. Halikuwepo. Kazi kamili niliiendesha usiku kwa `orthophoto-resolution` 3, mengine nikayaacha yalivyo. Picha 352 zote zikapata nafasi.

Bado kulikuwa na suala la alama za ardhini zinazoifunga ramani mahali pake halisi, zile tunazoziita kontroo. Nilikuwa nimeweka tano, vipande vya mbao vya sentimita 60 vilivyopakwa miraba ya nyeusi na nyeupe, nikazipima kwa RTK, kipokezi cha setilaiti kinachopima mahali kwa usahihi wa sentimita. Mwanzo nilifikiria chokaa, lakini ardhi ya huku ni mawe ya matumbawe na chokaa juu yake haionekani. Kosa langu lilikuwa kuziweka zote kandokando ya barabara, kwa kuwa gari lilipita hapo.

Ripoti ilisema kosa la alama ni sentimita 3, nikafurahi. Kisha nikaenda kupima kona ya sakafu ya kisima upande wa baharini, karibu mita 300 kutoka barabarani, nikailinganisha na ramani kwenye QGIS, programu ya kufungulia ramani. Mlalo ulikuwa umekosea sentimita 48, na kimo mita 1 na robo. Ile sentimita 3 ilikuwa kweli, ila ilikuwa kweli barabarani tu. Alama zilizopangwa kwenye mstari mmoja zinaishika ramani kama bawaba zinavyoushika mlango: upande wa bawaba umetulia, upande wa pili unacheza. Na kwa kuwa programu inajikadiria yenyewe mpindo wa lenzi, kosa dogo la makadirio hayo hujikusanya kadiri unavyoziacha alama nyuma.

Sikuhitaji kuruka tena. Nilitafuta vitu vya kudumu vinavyoonekana wazi kwenye picha: kona ya sakafu ya kisima kingine, ngazi ya msikiti, kona ya tangi la saruji. Nikavipima kwa RTK vinane, nikahakikisha havimo chini ya makuti. Vinne vya pembeni na katikati nikaviingiza kwenye hesabu. Vinne nikaviweka kando visiguswe, viwe vya kukagulia. Bila hivyo vya kando, huna namna ya kujua ukweli wa ramani yako, maana alama iliyotumika kwenye hesabu lazima ijisifu.

Alama zinaingizwa kupitia faili la maandishi, `gcp_list.txt`. Mstari wa kwanza ni mfumo wa majira, yaani wa namba zinazotaja mahali ardhini, kisha kila mstari ni majira matatu ya alama, nafasi yake kwenye picha kwa pikseli, jina la picha na jina la alama:

```
EPSG:32737
533120.412 9347845.087 14.263 2710 1833 DJI_0147.JPG K3
533120.412 9347845.087 14.263 2694 2380 DJI_0148.JPG K3
```

Huo mstari wa kwanza uangalie mara mbili. Sisi tunapokea pia majira ya zamani ya Arc 1960, ambayo ni `EPSG:21037`. Namba zake zinafanana kwa macho na za WGS84, mfumo wa `EPSG:32737` hapo juu, lakini ukizichanganya ramani inahama mamia ya mita.

Mwongozo unataka angalau alama tano, kila moja kwenye picha tatu. Mimi naibonyeza kila alama kwenye picha sita, zile ambazo alama haiko ukingoni mwa picha. Alama tisa kwa picha sita ni mibonyezo 54, na hapo ndipo naipunguzia WebODM nyota moja kati ya tano: kazi hiyo ya kubonyeza inachosha macho na inachukua zaidi ya saa nzima.

Baada ya kuendesha upya, nilipima vile vinne vya kando. Kosa kubwa la mlalo lilikuwa sentimita 5, la kimo sentimita 8. Kwa pikseli ya sentimita 2.7 sikutegemea zaidi ya hapo. Vichwa vya minazi michache bado vina ukungu pembeni, kwa hiyo ramani hii nisingeitumia kuhesabu makuti wala kupima kivuli cha mti mmoja mmoja. Niliichapisha kwenye karatasi ya A1 nikampelekea sheha. Aliitandaza barazani, akafuata njia ya kisimani kwa kidole kutoka barabarani hadi baharini, taratibu, kisha akaomba kalamu aandike majina ya mashamba.