Ruta ya 4G Imeandikwa 300 Mbps: Tuone Kama Itapandisha Bakapu Yako

Haya, habari zenu watazamaji, karibuni tena. Leo nina ruta hii ya 4G ya nyumbani, hizi zinazouzwa kila duka hapa Kampala, na niseme mapema kabisa: imenikera. Rangi, taa, waya wa umeme, waifai inafika vyumba vingapi, hayo mmeshayaona kwenye video nyingine, siyarudii. Nataka mtazame boksi. Nalisogeza karibu na kamera. Mmeona? 300 Mbps, herufi kubwa za dhahabu. Sasa nizungushieni macho boksi lote mpaka chini, mnitafutie kasi ya kupandisha. Haipo. Hata kwa herufi ndogo haipo!

Imenikera kwa sababu wengi mnaoniandikia hamnunui ruta ya filamu tu. Kuna ndugu mmoja wa Mukono, kazi yake ni kupiga video za harusi na kwanjula. Diski yake imejaa 400 GB na anataka yote ipande kwenye klaudi kabla diski haijafa. Akaniuliza, je, ruta hii ikiwa mara mbili ya ile yake ya zamani, bakapu itachukua nusu ya muda? Hapana, ndugu yangu. Haitapungua hata saa moja. Nitakuonyesha kwa nini.

Pembeni hapa chini pameandikwa Cat 6, hilo ni daraja la kasi la kifaa cha 4G. Ruta yako ya zamani ni Cat 4. Cat 4 inashusha hadi 150 Mbps na kupandisha hadi 50. Cat 6 inashusha hadi 300, na kupandisha hadi... 50. Ileile! Kilichoongezwa ni kwamba Cat 6 inaweza kuunganisha mikondo miwili ya masafa kutoka mnarani kwa wakati mmoja, na muungano huo ni wa upande wa kushusha. Upande wa kupanda unabaki na mkondo mmoja kama zamani. Umelipa karibu mara mbili kwa upande ambao bakapu haiutumii.

Na hiyo 50 yenyewe ni ya maabara. Tupime hapa sebuleni. Ruta iko kwenye kabati la televisheni, pale watu wengi wanapoiweka. Napima... inashusha 31 Mbps. Nzuri, filamu zinakwenda. Subirini upande wa pili. 1.9. Mmeiona hiyo? Moja nukta tisa!

Sasa naibeba, waya na yote, naiweka dirishani upande unaotazama mnara, pale kilimani. Nafungua ukurasa wa ruta, kuna namba inaitwa RSRP, ni nguvu ya mawimbi ya mnara yanayoifikia ruta. Kabatini ilisoma -111, hapa inasoma -97. Ni hasi, kwa hiyo ikisogea kuelekea sifuri ndiyo nafuu. Napima tena: kushusha 38, kupandisha 5.2. Kushusha kumepanda kidogo, kupandisha kumekaribia mara tatu.

Kwa nini upande mmoja unaumia hivyo? Mnara unarusha mawimbi kwa nguvu ya makumi ya wati. Ruta yako, kama simu yako, inaruhusiwa takriban milliwati 200, yaani sehemu ya tano ya wati moja. Ni kama spika ya msikiti na mtu anayeijibu kwa mdomo kutoka mtaa wa pili: wewe unaisikia vizuri, yeye hasikiki. Ukuta mmoja wa tofali au bati la paa likikaa katikati, ruta inakuwa tayari imefika mwisho wa nguvu zake, haina pa kuongeza. Inapunguza mwendo ili isikike.

Halafu kuna mgao. Mitandao mingine ya 4G hutumia masafa yaleyale kwa kupanda na kushuka, kwa zamu. Mpangilio mmoja unaotumika sana unagawa kila milisekunde 10 hivi: sita za kushuka, mbili za kupanda, mbili za kubadilishana zamu. Waliopanga hivyo hawakukosea, maana watu wengi wanatazama kuliko wanavyotuma. Lakini wewe mwenye 400 GB za kutuma unasubiri kwenye zile mbili, pamoja na majirani wote wa mnara huo.

Mtaniambia faiba je? Faiba iko mbali mbele, siwezi kuwadanganya. Teknolojia ya GPON, inayotumika sana majumbani, ina karibu gigabiti 2.5 kwa sekunde za kushuka na karibu 1.25 za kupanda, zinazogawanywa kwa nyumba zilizo kwenye waya mmoja. Kupanda ni nusu ya kushuka, si moja kwa kumi. Ukiona kifurushi cha faiba kinapandisha kidogo mno, huo ni uamuzi wa muuzaji. Muulize ana kifurushi cha kasi sawa pande zote mbili, na namba ya kupandisha aiandike kwenye mkataba.

Turudi Mukono. 400 GB. Kasi ya mtandao inahesabiwa kwa biti na mafaili kwa baiti, kwa hiyo zidisha mara nane: ni megabiti milioni 3.2. Gawanya kwa 5 unapata sekunde 640,000. Hizo ni saa 178, siku saba na nusu, mchana na usiku bila kupumua. Kushusha mzigo huohuo kwa kasi ya 38 kungechukua chini ya siku moja. Na muangalie kifurushi chenu: GB za kupanda zinahesabiwa sawa na za kushuka. Hata vile vinavyoitwa visivyo na kikomo vingi vina kiwango, ukikivuka wanakubana kasi. Juu yake kuna ushuru wa asilimia 12 kwenye data, ulioanza Julai 2021 ilipoondolewa ile kodi ya OTT ya shilingi 200 kwa siku. Bakapu ya kwanza ina bei, iwekeni kwenye hesabu.

Sasa sehemu ambayo nataka muitazame vizuri, kwa sababu hapa ndipo watu wanakata tamaa na kuzima bakapu siku ya pili. Nafungua dirisha la amri kwenye laptopu, naandika:

```
ping -t 1.1.1.1
```

Inasoma 42, 45, 41. Hizo ni milisekunde za kijumbe kwenda na kurudi, intaneti imetulia. Sasa nawasha bakapu bila kuibana. Tazameni namba... 180. 460. 870. 1,040! Hakuna anayeshusha chochote humu ndani, lakini nikifungua ukurasa wa gazeti, unazunguka tu. Kasi ya kushusha ipo palepale. Kinachotokea ni kwamba kila unapobonyeza kitu, ombi lako dogo lazima lipande kwanza. Na kila data inaposhuka, kompyuta inarudisha kijumbe kidogo cha kusema nimepokea. Vyote vinapita mlango uleule mwembamba, na bakapu imeshaujaza foleni ndefu ndani ya ruta. Mama watoto anakwambia intaneti imekufa, unapigia kampuni ya simu, wanapima na kukuambia iko sawa. Na kweli kwa vipimo vyao iko sawa.

Dawa ni kuibana bakapu isijaze mlango. Chukua kasi yako ya kupandisha, ipe bakapu sehemu nne kwa tano. 5 Mbps ni kama kilobaiti 625 kwa sekunde, kwa hiyo usiku nampa 500, mchana watu wakiwa macho nampa 250. Mimi natumia programu ya rclone, ni ya bure na inafanya kazi na klaudi nyingi. Kwa ndugu yetu ingekuwa hivi:

```
rclone copy "D:\Harusi" klaudi:Harusi --bwlimit "06:00,250k 23:00,500k" --order-by modtime,descending --transfers 2 -P
```

Neno klaudi hapo ni jina ulilolipa akaunti yako wakati wa kuiunganisha. Naiwasha, tazameni ping: 60, 75, 58. Ukurasa wa gazeti umefunguka papo hapo. Kwa mpango huu zinapanda kama 28 GB kwa siku, kwa hiyo 400 zitachukua wiki mbili. Ni ndefu, lakini hakuna atakayeizima. Na ile modtime,descending inaanza na mafaili mapya, zile kazi ambazo wateja bado wanazidai. Kama filamu zilizokamilika ni 60 GB, ziweke folda yake na uzitangulize, ndani ya siku mbili na ushee ziko salama hata kama picha ghafi bado ziko njiani.

Ombi moja kubwa: msifunge kila kitu kwenye zip moja! Video imeshabanwa ndani ya kamera, zip haitapunguza chochote cha maana. Na angalieni hatari yake. Faili la 20 GB kwa 4 Mbps linahitaji saa 11. Intaneti ikikatika kidogo, rclone inajaribu tena yenyewe. Lakini laptopu ikizimika au ikilala saa ya kumi, faili lile linaweza kuanza upya kutoka sifuri. Mafaili yaliyokwisha kupanda hayarudiwi, ukiandika amri ileile inayaruka. Kwa hiyo mafaili mengi ya ukubwa wa kawaida ni salama kuliko jitu moja. Zimeni na hali ya kulala ya laptopu, wengi wanaisahau. Kuhusu umeme kukatika, wiki ijayo naleta UPS ndogo za ruta.

Kwa ndugu wa Mukono nina njia ya haraka zaidi, na ndiyo ningeifanya mwenyewe. Tafuta mtu mwenye ofisi au chuo chenye faiba ya kasi sawa, umwombe ruhusa. Beba diski na laptopu Ijumaa jioni. Kwa 50 Mbps za kupandisha, 400 GB zinaisha kwa saa 18 hivi, Jumapili unarudi nyumbani. Tumia akaunti ileile na folda zilezile, ili huku nyumbani rclone ikute vitu vipo na ipandishe kazi mpya tu. Harusi moja ya 25 GB kwa mpango wetu wa nyumbani inapanda ndani ya siku moja, na hapo 5 Mbps inatosha kabisa.

Ruta yenyewe? Kama una Cat 4 na shida yako ni kupandisha, usinunue hii. Sogeza uliyonayo dirishani, pima, kisha kama ina matundu ya antena nyuma, weka hela kwenye antena ya nje. Ukilazimika kununua, tafuta Cat 7 au Cat 12, hizo zinafika 100 za kupandisha, ila muulize kwanza jirani mwenye nayo anapata ngapi, maana mnara wenu usipoiruhusu utabaki palepale. Niandikieni hapo chini namba zenu mbili, kushusha na kupandisha, na mtaa mliopo. Wa Gulu, Mbarara na Arua nawasubiri zaidi, maana vipimo vyangu vyote ni vya Kampala.