Wiki mbili nikiutafuta wimbo wa "piga mbizi" kwa vichujio vya programu ya muziki

Niliusikia kwenye daladala ya Mbagala, jioni, redio ya dereva ikikwaruza. Muziki wa dansi wa zamani: magitaa mawili yakijibizana, tarumbeta zikiingia kwa pamoja, kisha mwendo ukabadilika ikaja ile sehemu ya kuchezesha, chemko. Katikati ya chemko mtu akapiga kelele, "piga mbizi!" Mtangazaji hakutaja jina la wimbo wala la bendi, nami nikashuka Mtoni Kwa Azizi Ali nikiwa na maneno hayo mawili tu.

Programu ninayolipia kila mwezi inajisifu kwamba unaweza kupata wimbo hata usipojua jina wala mwimbaji. Ina kurasa za hali ya moyo (Furaha, Huzuni, Kutulia, Sherehe), ina aina za muziki, na kwenye kisanduku cha kutafutia unaweza kuandika vichujio wewe mwenyewe. Nikasema haya, tuone.

Nilianza kwa kuandika "mbizi". Nikaletewa nyimbo za watoto na sauti za mawimbi za kulalia. Kisanduku kile husoma majina ya nyimbo, albamu na wasanii. Mashairi huyasoma pale tu yalipokwisha kuandikwa na kuwekwa kwenye programu, na nyimbo nyingi za dansi hakuna aliyeziandikia. Basi maneno uliyoyasikia ndani ya wimbo, hata kama una hakika nayo, hayakusaidii.

Nikahamia kwenye hali ya moyo. Huku nilipoteza siku tatu nzima, na ni kosa langu kuziamini kurasa zile. Sehemu kubwa yake ni orodha zilizopangwa na watu wa kampuni, kwa hiyo wimbo ambao haukuwekwa na mtu hauonekani hata ukishuka hadi mwisho. Zinazopangwa na mashine nazo hupimwa kwa sauti: kasi ya mwendo, ukali wa sauti, na kama noti zake zimekaa kwa uchangamfu au kwa unyonge. Mashine haisikii Kiswahili. Na dansi ndilo lenye vituko, maana mwimbaji anaweza kuwa analia kwa kufiwa au kuachwa huku gitaa la solo linacheka. Nilizikuta nyimbo mbili za msiba, ninazozijua neno kwa neno, zimewekwa kwenye Sherehe.

Vichujio vya kuandika ni afadhali, ila vina masharti. Hakuna nafasi baada ya nukta mbili (simu yangu ilikuwa ikiiongeza yenyewe, nikawa napata takataka bila kujua kwa nini), na jina la maneno mawili lazima lifungwe kwa alama za kunukuu. Mimi niliandika hivi:

```
genre:afropop year:1975-1985
```

Yakaja mengi, ya Tanzania machache, na hayo machache ni yale yale yanayojulikana. Nilichokuja kukigundua kwenye programu hii ni kwamba tagi ya aina ya muziki hubandikwa kwa msanii, si kwa wimbo. Bendi isiyo na wasikilizaji wengi mara nyingi haina tagi yoyote, kwa hiyo ukiweka `genre:` umeshaifungia nje kabla hujaanza. Niliifuta sehemu hiyo, nikabakiza mwaka.

Na mwaka nao una mtego wake. Unaosomwa ni mwaka ambao albamu ilitolewa, si mwaka bendi ilipoingia studio. Chukua mfululizo wa albamu za Zanzibara wa kampuni ya Kifaransa ya Buda Musique. Toleo la 5 lina nyimbo za Dar es Salaam za mwaka 1978 hadi 1983, lakini lenyewe lilitoka 2009. Ukichuja 1978 hadi 1983 unalikosa, ingawa miaka hiyo imeandikwa kwenye jina lake! Muziki mwingi wa dansi ulirekodiwa Radio Tanzania ukabaki kwenye kanda, ukaja kutolewa miaka mingi baadaye, kwa hiyo mwaka unaoukumbuka wewe na mwaka unaoonyeshwa hapo havikutani. Kilichonisaidia ni kuchuja kwa kampuni iliyotoa:

```
label:"Buda Musique"
```

Hapo nilipata mlango wa kuingilia. Wimbo wangu haukuwamo, lakini niliyasikia magitaa ya jamii ile ile, nikajua angalau naizunguka nyumba yenyewe.

Jumapili nikaenda kwa mjomba, Temeke. Nikamwamkia, nikamwimbia kipande. Sina sauti, akacheka. Nilipofika kwenye "piga mbizi" akanyamaza.

"Hilo si neno la wimbo, mwanangu. Huo ni mtindo. Ogelea Piga Mbizi. Hao ni Maquis."

Mtu wa rika langu asingejua. Bendi za zamani kila moja ilikuwa na mtindo wake na ilikuwa ikiutaja ndani ya nyimbo kama muuzaji anayenadi bidhaa: Mlimani Park na Sikinde, Western Jazz na Saboso, Nuta na Msondo. Ukisikia neno linapigwa kelele kwenye chemko bila kuhusiana na kisa kinachoimbwa, mara nyingi hiyo ndiyo anwani ya bendi. Hiyo ndiyo tagi hasa, na programu haina pa kuiweka.

Maquis ni wanamuziki waliotoka Zaire wakaweka makao Dar es Salaam miaka ya 1970. Sasa nilikuwa na jina, nikadhani kazi imekwisha. Kumbe bendi moja ina kurasa kadhaa kwenye programu: Maquis Original, Orchestra Maquis Original, Maquis du Zaire, kila ukurasa na nyimbo zake, na hakuna unaokuelekeza kwa mwenzake. Mlimani Park ni vivyo hivyo, kuna yenye DDC mbele na isiyo nayo. Dawa ni kutafuta kwa neno moja lisilobadilika, `artist:Maquis`, kisha kufungua ukurasa mmoja mmoja na kuvumilia Maquis wengine wasiohusika.

Bado sikuupata. Iliyokuja kunipa wimbo ni njia ambayo haimo hata kwenye maelezo ya programu: orodha za wasikilizaji wa kawaida. Niliandika "zilipendwa", nikachagua orodha tu badala ya nyimbo, kisha nikarudia kwa "zilizopendwa" kama wasemavyo Wakenya. Majibu ni tofauti kabisa, kwa hiyo jaribu yote mawili. Kwenye orodha moja ndefu nikaanza kusikiliza kila palipoandikwa Maquis. Huhitaji kuusikia wimbo mzima. Ruka hadi dakika ya nne au ya tano, chemko liko huko, na kelele za mtindo ziko huko. Wa tisa ndio uliokuwa wenyewe. Jina lake halina neno hata moja nililolikumbuka, na mwaka ulioandikwa ni wa karne hii.

Nikiulizwa nyota, kurasa za hali ya moyo nazipa moja kwa muziki wetu wa zamani. Vichujio vya kuandika navipa tatu, kwa ajili ya `label:` na `artist:`. Orodha za watu nazipa tano, na hizo kampuni haikuzitengeneza.

Nimemtumia mjomba wimbo. Amejibu kwa ujumbe wa sauti wa dakika tatu, nusu yake akiimba, na mwishoni anauliza kama ninaweza kumtafutia mwingine. Jina halijui. Anakumbuka saksafoni.