Samani za kompyuta kwenye picha ya chumba kitupu cha Lamu: uzoefu wangu na fSpy na Blender

Programu hizi mbili nazipa nyota nne kwa tano. fSpy husoma picha na kukueleza kamera ilisimama wapi na ilielekea wapi. Blender huweka samani mbele ya kamera hiyohiyo na kutoa picha yenye kitanda, kiti na mkeka ambavyo havimo chumbani. Zote mbili ni bure. Pembe za picha zinatoka sawa kabisa, mwanga unatoka vizuri ukiuandaa, lakini sakafu ya kung'aa inataka kazi ya ziada, na hapo ndipo nyota ya tano ilipokwenda.

Chumba ninachokizungumzia, kinachotangazwa kupangishwa, kiko kwenye nyumba ya mawe mtaa wa Mkomani, mjini Lamu, upana mita 2.6 na urefu mita 6.2. Wembamba huo unatokana na boriti za mikoko zilizobeba dari, kwani haziwezi kuvuka nafasi kubwa zaidi ya hiyo kwa usalama. Mlango mmoja, ulio kwenye ukuta mrefu, unafunguka kiwandani, ule uwanja wa kati usio na paa. Ukuta wa ndani una vidaka, na sakafu ni ya saruji iliyosuguliwa hadi ikateleza.

Tatizo la kwanza ni kwamba fSpy inataka mistari iliyonyooka, na chumba cha namna hii hakina. Kuta za matumbawe zimepigwa chokaa kwa mkono na pembe zake ni za mviringo. Boriti nazo ni miti, kila mmoja una mpindo wake. Ukifuata ukingo wa ukuta kwenye skrini, programu itakubali bila kulalamika na kukupa kamera ya uongo. Kitanda kitakachowekwa hapo kitaonekana kama kimeinamia mlangoni, hata kama miguu yake yote iko chini.

Dawa yake ni plaiwudi. Karatasi nzima ya futi 8 kwa 4, yaani sentimita 244 kwa 122, ina kingo nne zilizonyooka, pembe mraba na vipimo vinavyojulikana. Ilaze katikati ya chumba, funga kamera au simu kwenye stendi, piga picha, kisha iondoe plaiwudi na upige tena bila kugusa stendi. Picha ya kwanza ni ya kupimia, ya pili ndiyo ya kazi. Hata mafundi wazoefu huilaza plaiwudi sambamba na ukuta. Usifanye hivyo. Izungushe digrii 30 au 40 kutoka kwenye mwelekeo wa kamera. Chumba chembamba hukulazimisha kupiga ukiwa umekiangalia moja kwa moja kwa urefu wake, na hapo mistari ya upana haikutani popote karibu, kwa hiyo hesabu ya lenzi inayumba. Plaiwudi iliyokaa mshazari inaipa programu seti mbili za mistari zinazokutana vizuri, moja kushoto na moja kulia. Baadaye ndani ya Blender samani zote utazizungusha zifuate ukuta, jambo dogo.

Kwenye simu tumia lenzi ya kawaida, ile ya 1x. Lenzi ya 0.5x inakirefusha chumba hadi mpangaji akifika anahisi kaonyeshwa nyumba ya jirani. Kamera iwe sentimita 120 hadi 140 kutoka sakafuni, iwe sawa bila kuinama, na mwangaza ufungwe kwa kubonyeza skrini kwa muda ili picha mbili zisitofautiane. Zima taa. Balbu ya njano ikichanganyika na mwanga wa kiwandani, hakuna samani itakayokaa kwenye rangi zote mbili. Kabla ya kukunja stendi piga picha ya tatu, kiti cheupe cha plastiki kikiwa pale kitanda kitakapokaa. Faida yake utaiona chini.

Ndani ya fSpy fungua picha ya plaiwudi ikiwa nzima, haijakatwa. Programu inachukulia kwamba katikati ya picha ndiyo katikati ya lenzi, kwa hiyo ukikata upande mmoja umeharibu hesabu kabla hujaanza. Weka mistari miwili ya mhimili mmoja juu ya kingo ndefu za plaiwudi, na miwili ya mhimili wa pili juu ya kingo fupi. Sogeza asili ya vipimo, ile nukta ya sifuri, kwenye kona mojawapo ya plaiwudi, chagua `Reference distance` kwenye ukingo mrefu na uandike mita 2.44. Sasa angalia upana wa uga wa macho uliopatikana, yaani digrii ambazo kamera inaziona kutoka kushoto hadi kulia. Lenzi ya kawaida ya simu, inayolingana na milimita 24 hadi 26, kwa picha ya 4:3 iliyolala inapaswa kutoa kati ya digrii 67 na 72. Ukiona 50 au 90, kuna mstari umekaa vibaya. Kuza picha na uusogeze pikseli kwa pikseli. Kipimo hiki kimoja kinatosha kukuonya, na ni ajabu wengi wanakipita.

Hifadhi faili ya `.fspy`, iingize Blender kupitia kiongezi chake, kisha badilisha picha ya nyuma uweke ile isiyo na plaiwudi. Kuanzia hapo sentimita ni sentimita. Kitanda cha kuchongwa cha sentimita 190 kwa 120, ubavu wake ukiwa ukutani, kinaacha njia ya mita 1.4, na ndivyo chumba kilivyo kweli. Vitanda vingi vya kupakua mtandaoni vina upana wa sentimita 152 au hata 193. Huduma nyingine za kulipia, zikiona kitanda hakiingii, zinakipunguza chote kwa pamoja hadi kiingie. Utazijua kwa urefu wa samani: mahali pa kukalia kwenye kiti huwa kama sentimita 45 kutoka chini, meza kama 75. Kiti kikiwa na urefu wa sentimita 30 kando ya mlango wa kweli, jicho linakataa hata kama mwenye jicho hajui kwa nini.

Kwa mwanga, wengi huchukua picha ya anga ya digrii 360 na kuiacha iangaze kila upande. Kwa chumba cha Lamu hiyo ni kosa, kwa sababu mwanga hauingii kutoka kila upande. Unatoka mlangoni tu, tena ni mwanga wa anga uliokwisha kugonga kuta za kiwanda. Mimi naweka taa ya aina ya `Area` yenye ukubwa wa mlango wenyewe, sentimita 90 kwa 200, pale mlango ulipo, kisha nasimamisha kuta na dari rahisi za rangi ya chokaa kuzunguka chumba na kuzima `Camera` kwenye `Ray Visibility` yake. Kuta hizo hazionekani ila zinarudisha mwanga, na upande wa kitanda ulio mbali na mlango unapata ule weupe hafifu wa chokaa badala ya kuwa mweusi tii. Jua la moja kwa moja silitumii isipokuwa doa lake limo kwenye picha. Likiwemo, kumbuka Lamu iko karibu digrii 2 kusini mwa ikweta: saa sita mchana mwezi wa Julai jua liko upande wa kaskazini, Desemba liko kusini, na katikati ya Machi na mwisho wa Septemba linashuka wima kiwandani. Kivuli cha samani kinachopingana na doa la jua la sakafuni ndilo kosa ninaloliona zaidi kwenye matangazo ya nyumba za pwani.

Kuna swichi moja ndogo ya kuangalia. Tangu toleo la 4.0 Blender huanza na mpangilio wa rangi wa `AgX` kwenye `View Transform`, na hiyo inapausha picha yako ya nyuma pia. Weka `Standard`, la sivyo utahangaika kutafuta rangi ambayo hukuipoteza wewe.

Sasa sakafu. Kwa sakafu isiyong'aa, bamba lenye `Shadow Catcher` linatosha: linapokea kivuli tu na kukiweka juu ya picha. Sakafu iliyosuguliwa ni mambo mengine. Mwanga wa mlango unachora mwako mrefu sakafuni kuelekea kamera, na kitanda kikikaa katikati ya njia hiyo kinauziba. Kivuli cha kawaida hakijui habari hiyo. Matokeo yake mwako unaonekana ukipita chini ya kitanda kama vile hakipo, na kitanda kinaelea. Huduma moja ya mtandaoni niliyoijaribu kwa picha hiihii ilitoa kitanda kizuri chenye kivuli laini, na mwako wote ukabaki pale pale.

Njia inayofanya kazi ni ile aliyoieleza Paul Debevec, mtafiti wa michoro ya kompyuta, mwaka 1998. Tengeneza sakafu ya kompyuta yenye rangi na mng'ao unaokaribia wa kweli, toa picha yake mara mbili, mara moja pakiwa na samani na mara moja bila, kisha chukua tofauti na uiongeze kwenye picha halisi:

```
picha_mpya = picha + (sakafu_na_samani - sakafu_bila_samani)
```

Palipo na kivuli, au mwako uliozibwa, tofauti ni hasi na picha inakuwa nyeusi zaidi. Palipo na taswira ya mguu wa kitanda sakafuni, rangi inaongezeka. Hesabu hii ni ya sakafu na kuta tu. Pikseli za samani zenyewe zinatoka moja kwa moja kwenye picha ya kompyuta, zikitengwa kwa `Cryptomatte`. Kiwango cha mng'ao nakipata kwa ile picha ya kiti cha plastiki. Naweka kiti cha kompyuta cha umbo lilelile mahali palepale na kubadilisha `Roughness` hadi taswira ya miguu yake ififie kwa umbali uleule. Saruji iliyosuguliwa huanguka karibu na 0.25, lakini ya kwako ipime.

Kasoro inayobaki ni kwamba sakafu ya kweli ina mabonde na madoa ya kuchakaa, na bamba la kompyuta ni tambarare, kwa hiyo taswira huwa safi mno. Kuiongezea ukwaruzo kidogo kunasaidia, hakumalizi.

Kwa nyumba za Malindi zenye vigae kazi ni nyepesi zaidi. Vigae vya sentimita 40 au 60 vina mistari yake tayari, na plaiwudi unaibakisha dukani. Hesabu vigae vitano au sita kwa kipimo kimoja, maana kigae kimoja ni kifupi mno kupimia kwa usahihi.

Jambo ambalo mteja huomba na mimi nalikataa ni kufuta chumvi na unyevu kwenye kuta. Samani zinaonyesha jinsi nafasi inavyoweza kutumika, ukuta ni bidhaa yenyewe inayopangishwa. Picha tupu naiambatanisha daima, na kwenye kona ya ile yenye kitanda naandika kwa herufi zinazosomeka hata kwenye simu: Samani zimewekwa kwa kompyuta.